Kumwita mfanyakazi mwenye wasiwasi kwenye tathmini ya mwaka: mwongozo kamili kwa meneja

Meneja akisema "wiki ijayo tukae tuongee kidogo", kwake hilo ni jambo la ratiba tu. Mfanyakazi mwoga anaondoka na sentensi isiyo na mada wala saa, na ikifika usiku anaijaza mwenyewe: wananipunguza, kuna mtu amenisema, ile hesabu ya Agosti imefika juu. Siku ya tathmini ikifika, tayari amejitetea kichwani mara ishirini, na wewe unakutana na utetezi badala ya mazungumzo.

Neno "usijali" halisaidii hapo, na mara nyingine linaharibu, kwa sababu mtu husikia kwamba kuna la kujali. Kinachotuliza ni kujua tutaongea nini, lini, kwa muda gani, nani atakuwepo, nije na nini, na tukimaliza kinafuata nini. Ukiyajibu hayo sita kabla hajauliza, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Tufuate mfano mmoja mpaka mwisho. Kampuni ya usambazaji iko Dar es Salaam, mwaka wake wa hesabu unaisha Desemba. Karani wa stoo, tumwite Neema, ana miaka mitatu kazini na kazi yake kwa jumla ni nzuri. Ila Agosti na Septemba mzigo uliohesabiwa stoo haukulingana na uliokuwa kwenye mfumo. Juni, wenzake wawili hawakuongezewa mikataba. Hakuna aliyemweleza kwa nini, kwa hiyo kila anapoitwa ofisini anadhani zamu yake imefika.

Kwanza hakikisha kweli ni tathmini

Kabla ya kugusa kalenda, jiulize ukitoka kwenye mazungumzo hayo unataka uwe na nini mkononi. Kama ni fomu iliyojazwa, malengo ya mwaka ujao na makubaliano ya mafunzo, hiyo ni tathmini. Kama ni barua ya onyo au hatua ya kuelekea kusitisha ajira, hiyo ni njia nyingine yenye taratibu zake, na kuifunga ndani ya mwaliko mtamu wa tathmini ni kosa la utu na la kisheria pia. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kwa utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka mwajiri achunguze chanzo cha utendaji duni, atoe maelekezo na muda wa kutosha wa kujirekebisha. Mtu aliyeitwa kwa maneno ya kutuliza kisha akakabidhiwa onyo mezani hataamini tena mwaliko wako wowote. Wenzake pia hawatauamini, maana habari hiyo haimalizi saa moja kabla ya kufika kantini.

Kwa Neema jibu ni wazi. Tofauti za hesabu ni suala moja tu katika mwaka mzima, hazijafika kwenye onyo. Ni tathmini.

Soma jalada lake sasa, si usiku wa kuamkia siku yenyewe. Unahitaji mawili: kazi moja aliyoifanya vizuri unayoweza kuitaja kwa mwezi wake, na suala gumu, kama lipo, kwa ukubwa wake halisi. Kwa Neema, la kwanza ni kupanga upya rafu za stoo mwezi Machi, ambako kulipunguza muda wa kupakia magari ya asubuhi. La pili ni hizo hesabu mbili. Yote mawili utayahitaji kwenye ujumbe.

Siku, saa na chumba

Kati ya taarifa na mazungumzo weka siku tano hadi saba za kazi. Zikipungua siku tatu, anaona ameviziwa na hapati muda wa kukusanya kumbukumbu zake. Zikizidi kumi, unamwongezea usiku wa kukosa usingizi bila faida yoyote.

Angalia kazi yake, si yako. Karani wa stoo usimwite siku mbili za mwisho wa mwezi akiwa anahesabu mzigo. Mhasibu usimwite karibu na tarehe za kuwasilisha kodi. Ijumaa mchana ina sala, na tathmini inayoishia Ijumaa jioni humpeleka mtu nyumbani na maswali ya siku mbili. Mwezi wa Ramadhani, kwa anayefunga, asubuhi ni bora kuliko alasiri. Jumatatu saa za mwanzo kila mtu ana moto wa kuzima. Zinabaki Jumanne hadi Alhamisi, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na kusema kweli zinatosha.

Kwa Neema tunachagua Jumatano, 3 Desemba 2025. Hesabu ya mwisho wa Novemba itakuwa imekwisha, sikukuu ya Uhuru ya 9 Desemba haijakatiza wiki, na kazi ya kufunga mwaka haijaanza. Taarifa atapewa Jumanne, 25 Novemba.

Mwambie mazungumzo ni ya saa moja, lakini kwenye kalenda yako zuia saa moja na nusu. Mtu mwenye hofu hutumia dakika kumi za mwanzo kutulia tu. Ukianza kuangalia saa dakika ya hamsini kwa sababu mgeni wako wa saa tano amefika, yeye anasoma kwamba umemchoka.

Chumba kiwe kidogo na kisionekane kutoka kwenye meza za wenzake. Ofisi yako ni chaguo la pili, hasa kama meza yako ni kubwa na kiti cha mgeni ni kifupi. Na kama kuna chumba ambacho wale wawili wa Juni walipewa habari zao, kiepuke. Wewe huenda umesahau ni kipi. Yeye hajasahau.

Mwisho, amua nani atakuwepo. Hakuna kinachomshtua mtu kama kufungua mlango akamkuta afisa rasilimali watu amekaa na kalamu. Kama hahitajiki, asiwepo. Kama utaratibu wenu unamtaka, sema mapema na useme anakuja kufanya nini.

Mwambie kwa mdomo kwanza

Dakika mbili zinatosha. Mfuate mwenyewe wakati hayuko na wateja wala wenzake, asubuhi, siku ambayo utakuwepo ofisini hadi jioni ili akitaka kuuliza akupate. Usimtume mtu kumwita. "Bosi anakuita" ni maneno mawili yanayoweza kumharibia mtu siku nzima.

Salimia kama unavyomsalimia siku zote. Kama ni mkubwa kwako na huwa unampa shikamoo, mpe leo pia. Meneja aliyezoea kusema "dada Neema" akibadilika ghafla kuwa wa "Ndugu", hofu imeingia kabla mada haijatajwa. Kisha sema jambo lenyewe bila kuzunguka:

"Dada Neema, tumefika wakati wa tathmini za mwaka. Nafanya na watu wote sita wa idara, na yako nimefikiria Jumatano ijayo, tarehe tatu, saa nne asubuhi. Ni saa moja, mimi na wewe tu. Nakutumia maelezo sasa hivi, uyasome kwa nafasi. Saa hiyo inakufaa?"

Angalia kilichotangulia: ni tathmini, na ni ya watu wote. Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayoshusha mabega, kwa sababu inajibu swali la "kwa nini mimi". Lakini iwe kweli. Kama wengine wanafanyiwa Januari na yeye peke yake Desemba, atajua kabla ya chakula cha mchana.

Swali la mwisho si la adabu tu. Ukimpa nafasi ya kusogeza saa, si mtu aliyeitwa tena, amekuwa mtu aliyepanga nawe.

Kisha maandishi, ndani ya saa moja

Mtu aliyeshtuka hasikii vizuri. Atakumbuka "tathmini" na "Jumatano", mengine yatapotea. Ndiyo maana maandishi yafuate upesi, kwa barua pepe au Watsapu, njia yoyote mnayotumia kwa kazi kila siku. Usichague njia rasmi kuliko kawaida. Barua iliyochapwa yenye "YAH:" na muhuri inafanana mno na barua ya onyo.

Huu ni ujumbe kamili wa Neema:

> Dada Neema, habari za asubuhi.
>
> Kama tulivyoongea, tathmini yako ya mwaka itakuwa Jumatano, 3 Desemba, saa nne kamili asubuhi (10:00), chumba kidogo cha ghorofa ya kwanza. Tutakuwa mimi na wewe, kwa muda wa saa moja.
>
> Tutaongea mambo matatu: kazi zilizokwenda vizuri mwaka huu, zilizokuwa ngumu na sababu zake, na unachohitaji kutoka kwangu mwaka ujao. Kwenye yaliyokwenda vizuri nitaanza na upangaji wa rafu wa Machi. Kwenye magumu nitaleta tofauti za hesabu za Agosti na Septemba. Nataka tutafute chanzo pamoja, maana nahisi sehemu ya tatizo iko kwenye namna mzigo unavyopokelewa. Hilo ndilo suala gumu pekee nililonalo. Haya si mazungumzo ya nidhamu na hakuna barua ya onyo.
>
> Naambatanisha fomu ya mwaka jana uikumbuke, na ya mwaka huu. Jaza ukurasa wa kwanza tu, sentensi mbili tatu kila swali, isikuchukue zaidi ya nusu saa. Nitaipata Jumanne, 2 Desemba, saa sita mchana.
>
> Tukimaliza nitakupa nakala ya tuliyokubaliana uisome kabla ya kusaini. Ukiona kuna jambo halikukaa sawa utaliandika kwenye nafasi ya maoni yako.
>
> Ukiwa na swali kabla ya hapo, nipigie au nione. Leo nipo hadi saa kumi na moja.

Aya ya pili ndiyo ngumu kuandika, na ndiyo inayofanya kazi. Mameneja wengi huficha suala gumu kwa nia njema, wakidhani wanamlinda mtu. Lakini Neema anazijua hesabu za Agosti kuliko wewe. Usipozitaja, haoni kwamba zimesamehewa, anaona zinamsubiri. Zikitajwa pamoja na ukubwa wake, hofu inapata mipaka: ni hili, ni moja, na limeletwa kama swali la kujibiwa. Atakuja na vitabu vyake vya kupokelea mzigo, jambo ambalo asingefanya kama ungesema "mambo ya kawaida tu".

Maneno ya "si mazungumzo ya nidhamu" yaandike ikiwa una uhakika nayo tu. Vivyo hivyo usiahidi kwamba mkataba utaongezwa au mshahara utapanda kama uamuzi si wako. Akiuliza, jibu kwa ukweli: "Mishahara inaamuliwa Februari na uongozi. Siku hiyo hatutaigusa, ila nitakueleza tathmini hii inaingiaje kwenye uamuzi huo." Jibu lisilo tamu lakini lililo wazi hutuliza kuliko ahadi yenye ukungu.

Kuhusu maneno yenyewe: "kikao" lina kivuli chake, maana mtu "akiwekwa kikao" huwa amekosa. "Wito" linanuka mahakama na polisi. "Mahojiano" ni ya kuomba kazi au ya upelelezi. Tumia "mazungumzo ya tathmini". Kama makao makuu wanakuletea kiolezo cha Kiingereza, usikipitishe kilivyo kwa mtu mnayeongea naye Kiswahili kutwa.

Na saa, andika kwa namna zote mbili kama hapo juu. Simu na kalenda zinaonyesha 10:00, wewe unasema saa nne, na hutakosa mtu anayesoma 10:00 akaelewa saa kumi jioni. Kwa mfanyakazi mwoga, kuchelewa tathmini kwa kosa kama hilo ni janga.

Kalenda

Mwaliko wa kalenda utume baada ya ujumbe, kamwe si kabla. Ukitangulia, anachokiona ni arifa kavu yenye jina lako na saa. Kwenye maelezo ya mwaliko nakili aya ya kwanza ya ujumbe, inatosha.

Kichwa kiandike "Tathmini ya mwaka", kisha kifiche. Kwenye Google Calendar, fungua tukio na ubadilishe `Default visibility` kuwa `Private`. Kwenye Outlook bonyeza `Private`. Usiporekebisha hilo, kwenye ofisi yenye kalenda za pamoja wenzake wataona jina lake na neno tathmini, na maswali yataanza jikoni kwenye chai. Angalia pia kalenda ya chumba, kwa sababu baadhi ya mifumo huonyesha kichwa cha tukio kwa kila anayekitafuta chumba hicho.

Watumishi wa umma Tanzania hali yao ni tofauti kidogo. Tathmini zao zinaingia kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa serikali wa kupima utendaji, na mwaka wa serikali unaanza 1 Julai, kwa hiyo tarehe hachagui meneja peke yake. Mazungumzo ya ana kwa ana bado ni yako kuyapanga, na usiache mfumo ndio uwe wa kwanza kumwambia mtu alama zake.

Kusoma majibu

"Sawa bosi" peke yake si dalili ya utulivu. Kwa mtu ambaye kawaida huandika mistari mitatu, ni dalili ya kinyume. Usimtumie ujumbe mwingine wa kumtuliza. Pita stoo kesho yake kwa shughuli ya kawaida, umuulize: "Fomu umeiona? Kuna swali halieleweki?" Kumuuliza kuhusu fomu ni kumpa mlango mdogo wa kuingilia. Kumuuliza "una wasiwasi?" humlazimisha kusema hapana.

Akiuliza moja kwa moja, "Kwani kuna tatizo?", rudia ulichoandika bila kuongeza wala kupunguza: "Liko lile la hesabu za Agosti na Septemba, nililokuandikia. Zaidi ya hilo sina." Ukiongeza maelezo marefu ataanza kutafuta kilichofichwa ndani yake. Na msiianze tathmini hapo mlangoni, hata akikuvuta. Mwambie hilo la chanzo utataka umsikilize vizuri siku ya Jumatano.

Fomu ikirudi, huwa na sura mbili. Ya kwanza ina neno "nzuri" kila mahali, au imebaki tupu. Ya pili ina kurasa nne za kujitetea. Zote ni hofu ileile, kwa hiyo usimrudishie yeyote aandike upya. Aliyeandika kidogo, andaa maswali matatu yanayotaja kazi halisi ("ile shehena ya Mei iliyofika usiku, mliipokeaje?"). Aliyeandika sana, mjibu mstari mmoja kwamba umeipata na umeisoma yote, kisha tafuta ndani yake jambo moja la kweli ambalo hukulijua. Karibu kila mara lipo. Kwa Neema lilikuwa hili: Agosti na Septemba magari mawili yalikuwa yakishusha kwa pamoja na mpokeaji ni mmoja.

Ukilazimika kuahirisha

Usifute tukio kwenye kalenda kabla ya kuongea. Arifa ya kufutwa inafika bila sababu, na mwoga huisoma kama uamuzi. Mpigie kwanza, na katika pumzi hiyohiyo mpe sababu na tarehe mpya: "Nimeitwa Morogoro kesho kwa ajili ya lile gari. Haihusiani na tathmini yako. Tuiweke Alhamisi, saa ileile?" Tarehe mpya isizidi siku mbili tatu. Mara ya pili usiahirishe, labda kwa msiba au ugonjwa.

Siku moja kabla, na asubuhi yenyewe

Jumanne alasiri, baada ya kupokea fomu, tuma mistari miwili: "Nimeipata fomu, asante. Kesho saa nne asubuhi (10:00), chumba kidogo. Uje na vitabu vya kupokelea mzigo vya Agosti na Septemba kama viko karibu." Hakuna jambo jipya kwenye ujumbe huu. Hoja mpya ikikujia usiku huo, ibaki ya siku nyingine, isipokuwa ni ya kumsifu.

Asubuhi, ukikutana naye getini saa mbili, salamu iwe ya kawaida na usitanie kuhusu tathmini. Utani wa bosi siku hiyo huchambuliwa kama hukumu. Wahi chumbani dakika kumi. Viti viwili viwe kwenye kona ya meza, si pande mbili zinazotazamana, na kiti chake kisizibiwe njia ya mlango. Weka maji, fomu yake aliyoijaza, na karatasi moja tupu. Jalada lake zima usiliweke mezani, maana unene wake utamtisha hata kama ndani ni likizo tupu na risiti za nauli. Simu izime na uifunike.

Akiingia, rudia kwa sauti alichokwishasoma, kwa mpangilio uleule: saa moja, mambo matatu, tunaanza na rafu za Machi. Ukibadilisha mpangilio ukaanza na hesabu, ujumbe wote wa wiki iliyopita unakuwa uongo machoni pake. Basi anza na Machi, na umwache aeleze yeye alivyozipanga.